Neno Moja, Nchi Tano: Kuchagua Maneno ya Filamu ya Mafunzo

Somo letu la leo ni kwa wale wanaotayarisha filamu fupi za kuwafundisha watu wazima: waalimu, wauguzi, mabwana na mabibi shamba, na wote ambao siku hizi huweza kupiga filamu hata kwa simu. Ukimaliza filamu yako Morogoro, kesho yake huenda ikatazamwa Mombasa, Kisumu, Bujumbura na Bukavu. Picha haihitaji pasi ya kusafiria. Je, maneno yako nayo yatavuka mpaka salama?

Kiswahili tunachofundishwa shuleni kina historia yake. Mwaka 1928 ulifanyika mkutano Mombasa, na huko Kiunguja kikachaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu. Mwaka 1930 ikaanza kazi kamati ya lugha ya nchi nne: Tanganyika, Zanzibar, Kenya na Uganda. Kongo ilikuwa chini ya Wabelgiji, haikuwamo. Kwa hiyo Kiswahili cha Kongo kilikua kwa njia yake, migodini, sokoni na makanisani. Kongo imejiunga na Jumuiya ya Afrika Mashariki mwaka 2022, lakini mikataba haiwezi kubadilisha maneno ya jikoni kwa siku moja. Na hata katika zile nchi nne, kila mahali watu waliendelea kuvipa vitu majina yao.

Sasa nataka mshike jambo moja tu katika somo hili. Wengi wetu huogopa neno geni, neno ambalo mtazamaji hajawahi kulisikia. Neno hilo ni baya, lakini halidhuru sana, kwa kuwa mtu asiyelijua atamuuliza jirani yake. Neno la hatari zaidi ni lile analolijua vizuri, ila kwa maana nyingine. Huyo hatauliza. Atakwenda nyumbani akatende alivyoelewa.

Chukueni neno posho. Mtanzania akisikia posho huwaza fedha anazopewa mtu akienda safari ya kazi au kuhudhuria mkutano. Mganda huwaza ugali wa mahindi uliomo sahanini. Mkenya hukumbuka mashine ya kusagia mahindi. Mkongo huwaza chakula cha kugawiwa, na siku ya posho kwake ni Jumamosi. Wote wanne watatikisa kichwa kukubali kwamba neno wanalijua, na kila mmoja atakuwa na picha yake.

Haya basi, tufanye kazi pamoja. Tuseme mwenzetu mmoja wa Tanzania bara ametunga maneno ya filamu ya dakika tatu. Filamu inafundisha namna ya kutengeneza maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayeharisha, pale ambapo pakiti za dawa hiyo kutoka kituo cha afya hazijapatikana. Kipimo chenyewe kinajulikana: maji safi lita 1, sukari vijiko vidogo vya chai 6, chumvi nusu ya kijiko hicho hicho. Vijiko viwe vimesawazishwa, si vya kurundika. Sukari husaidia chumvi na maji kupita tumboni na kuingia mwilini. Chumvi ikipungua, faida hupungua. Chumvi ikizidi, mtoto aliyekwisha kukaukiwa na maji huzidi kukauka, na aweza kufa. Mnaona basi kwamba hapa neno si pambo.

Mwenzetu ameandika hivi:

«Bibi huyu ana mtoto anayeharisha. Anachota maji safi katika dumu, chupa mbili za bia. Anatia vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi. Anakoroga. Kila mtoto akiharisha anampa kopo moja. Usitumie maji yaliyolala. Mtoto akizidiwa, mpeleke zahanati ukamwone mganga. Mganga yupo tangu siku ya kwanza ya juma.»

Msemaji wa Morogoro au Dodoma hataona kosa. Ni Kiswahili safi. Lakini tukisafiri nacho, tutaona mambo.

Tuanze na bibi. Kwa Watanzania wengi bibi ni mama yake mama au mama yake baba. Na katika salamu za heshima, mabibi na mabwana, ni mwanamke yeyote. Kwa Wakenya wengi bibi ni mke wa mtu, na Kongo vivyo hivyo. Basi mtazamaji wa Nakuru atatafuta mume yuko wapi. Ukisema, «Nitaweka nyanya, kama wasemavyo Kenya,» Mtanzania atacheka, kwa sababu nyanya kwake ni kitu cha kutia mchuzini. Hapa usitafute neno moja. Sema kwa urefu: «mama yake mama». Na kama ukoo wake hauhusu somo, sema «mama huyu» uendelee na safari.

Dumu ni chombo cha plastiki cha kuchukulia maji. Wakenya wengi hukiita mtungi, na Kongo hukiita bido. Mtungi nao kwa Mtanzania ni chombo cha udongo, au ule wa chuma wa gesi ya kupikia. Majina matatu kwa kitu kimoja! Lakini tazameni: kitu hicho kinaonekana katika picha, na somo halihitaji jina lake. Mwacheni mama achote maji, nanyi mseme tu, «Anachota maji safi.» Kuna maneno mengi ya namna hii. Dawa yake ni kuyafuta.

Chupa mbili za bia ni jambo zito zaidi. Mwandishi wetu alifanya jema kutafuta kipimo kilichomo mikononi mwa watu. Chupa ya kawaida ya bia Tanzania ni nusu lita, hivyo chupa mbili ni lita 1 kamili. Lakini Burundi na Kongo chupa kubwa ya bia iliyozoeleka ni sentilita 72. Mama wa Uvira akipima chupa mbili atapata karibu lita moja na nusu, na dawa yake itakuwa nyepesi mno. Geuzeni sasa. Filamu ikitengenezwa Uvira, na huko wakipima chupa moja na nusu, ambayo kwao ni kama lita 1, mama wa Mwanza akiwafuata atapata robo tatu ya lita tu. Chumvi yake itazidi kwa theluthi. Neno chupa limeeleweka kote, bila shida, na ndilo lililoleta madhara. Hapa lita ni bora. Neno hilo limeingia kutoka lugha za Ulaya, lakini Waingereza na Wafaransa wote walilitumia, kwa hiyo limefika pande zote mbili za mpaka. Sema «lita moja», na uonyeshe chupa ya maji ya dukani iliyoandikwa lita 1, kwa karibu na kwa muda wa kutosha.

Sasa sentensi ya tatu: «Vijiko sita vya sukari na nusu ya chumvi.» Hapa hapana tofauti ya nchi na nchi, bali sentensi yenyewe ina mtego. Nusu ya nini? Mwandishi ana maana ya nusu ya kijiko. Mtu ambaye Kiswahili ni lugha yake ya pili au ya tatu, aliyejifunza sokoni au jeshini, aweza kusikia kwamba chumvi ni nusu ya sukari, yaani vijiko vitatu. Hiyo ni mara sita ya kipimo. Kwa hiyo usiunganishe vipimo viwili katika sentensi moja. Sema kwanza chumvi: «Chumvi, nusu ya kijiko. Nusu tu.» Picha ionyeshe kisu kikisawazisha kijiko, kisha kikigawa nusu. Halafu: «Sukari, vijiko sita.» Na mama ahesabu kwa sauti, moja, mbili, tatu, nne, tano, sita, huku kila kijiko kikionekana kinaingia majini. Na kabla ya yote useme ni kijiko kipi. Ukisema kijiko tu, mwenye nyumba iliyo na kijiko cha kulia wali atachukua hicho. Sema «kijiko kidogo cha chai», na ukionyeshe kikiwa ndani ya kikombe cha chai, ili ukubwa wake uonekane.

Kopo kwa Mtanzania ni chombo cha bati au cha plastiki, kidogo au kikubwa. Kongo neno hilo hutumika kwa kikombe au gilasi ya kunywea. Ukitaka kukimbilia bilauri, watu wa pwani watakuelewa, lakini wengi wa bara watakutazama tu. Kikombe kinajulikana zaidi. Hata hivyo kikombe nacho hakina ukubwa mmoja, basi sema kipimo kwa umri: mtoto aliye chini ya miaka 2 apewe robo hadi nusu ya kikombe kikubwa kila baada ya kuharisha, mwenye miaka 2 na zaidi, nusu hadi kikombe kizima. Anywe kidogo kidogo.

«Maji yaliyolala» ni msemo mzuri kwa aliyeuzoea: ni yale yaliyokaa mpaka kesho yake. Lakini mwanafunzi wa Kiswahili wa Kampala anajua kulala ni kazi ya watu na ng'ombe. Tena sentensi hiyo imeanza kwa «usi-», na humo «-si-» ni silabi moja nyembamba inayobeba makatazo yote. Redio ikikoroma kidogo, au mtoto akilia chumbani, silabi hiyo hupotea, na katazo huwa amri. Sema jambo la kutenda: «Maji yakibaki mpaka kesho wakati kama huu, yamwage. Tengeneza mengine.» Kwa njia hiyo umekwepa pia hesabu ya saa. Maana huyu huandika saa 2:00 asubuhi, na mwenzake akaandika 8:00 kwa wakati ule ule, na mtazamaji anayesoma tarakimu tu hana wa kumwuliza.

Tumefika kwa mganga. Hili ni neno la kutisha kuliko yote katika maandishi haya. Serikalini Tanzania, Mganga Mkuu ni daktari mwenye cheo. Kongo, munganga ni daktari wa hospitali. Lakini kwa Wakenya wengi, na kwa Watanzania wengi pia wanapozungumza mitaani, mganga ni yule wa miti shamba na kupiga bao. Filamu imemwambia mama ampeleke mtoto kwa mganga. Naye ametii, amempeleka kwa wa kijijini, na siku mbili zimepotea. Sema daktari, ambalo ni neno la kote. Zahanati ni neno la Kitanzania zaidi. «Kituo cha afya» hueleweka hata na asiyelizoea, kwa kuwa maneno yake mawili yanajieleza.

Na «akizidiwa» je? Mtanzania anaelewa kwamba hali imekuwa mbaya. Mwingine atauliza kazidiwa na nini. Tena hata kwa aliyeelewa, neno hilo halimwambii atazame nini. Taja dalili zenyewe: macho yameingia ndani, hawezi kunywa, anatapika kila anachokunywa, au anatoa damu anapoharisha. Angalieni hilo la mwisho. Tungesema damu katika choo, wengine wangewaza kile kibanda cha nyuma ya nyumba. Neno lile jingine fupi linaeleweka kila mahali, lakini pwani litawafanya watu wazima wageuze nyuso, na mtu aliyegeuza uso hasikii linalofuata. Kwa kutumia kitendo, «anapoharisha», tumepita katikati bila kumwudhi mtu.

Imebaki siku ya kwanza ya juma. Jumamosi kwa jina lake ni ya kwanza. Kwa wahesabuo kikanisa ni Jumapili. Kongo siku ya kwanza ni Jumatatu, na siku ya tatu ni Jumatano. Hata mngechagua vipi, hamtafaulu, na kwa kweli hamna haja. Siku za kufungua kituo cha afya si za nchi tano. Ni za kijiji kimoja. Jambo la mahali pamoja liachieni mwuguzi wa mahali pale alitangaze mwenyewe baada ya filamu.

Basi maandishi yetu mapya ni haya:

«Mama huyu ana mtoto anayeharisha. Anachota maji safi, lita moja. Anachukua kijiko kidogo cha chai. Chumvi, nusu ya kijiko. Nusu tu. Sukari, vijiko sita: moja, mbili, tatu, nne, tano, sita. Anakoroga mpaka sukari na chumvi ziyeyuke. Kila mtoto akiharisha, anamnywesha kwa kikombe, kidogo kidogo. Mtoto mdogo, robo mpaka nusu ya kikombe. Mtoto aliyetimiza miaka miwili, nusu mpaka kikombe kizima. Maji yakibaki mpaka kesho wakati kama huu, yamwage. Tengeneza mengine. Tazama mtoto. Macho yakiingia ndani, akishindwa kunywa, akitapika kila anachokunywa, au akitoa damu anapoharisha, mpeleke upesi kituo cha afya, kwa daktari.»

Hayana utamu wa yale ya kwanza, nakubali. Mtu wa Unguja atasema ni Kiswahili kilichochujwa. Lakini kila sentensi ina jambo moja, na kila jambo laonekana katika picha wakati ule ule linapotajwa.

Mtajuaje kama mmefaulu? Si kwa kuuliza, «Mmeelewa?» Swali hilo lina jibu moja tu tangu zamani, nalo ni ndiyo. Fanyeni hivi. Tafuteni watu watano wa kila mahali mnapolenga: watano wa pwani, watano wa bara, watano wa ng'ambo ya mpaka. Wasiwe waalimu wala watu wa redio. Waonyesheni filamu mmoja mmoja, maana katika kundi wengine humtazama mwenye kujua. Kisha mpeni kila mmoja ndoo ya maji, vyombo vya ukubwa mbalimbali, vijiko vya namna mbili, chumvi na sukari, mwambieni: «Tafadhali, tutengenezee.» Nyamazeni, mtazame mikono yake. Mkono ukisita, pale pana neno geni. Mkono usiposita lakini ukachukua kijiko kikubwa, pale ndipo pana lile neno la hatari tulilolisema. Hilo la pili hamtaligundua kwa maswali kamwe, ila kwa kutazama.

Baadaye mwambieni amsimulie jirani yake aliyoyaona, kwa Kiswahili chake mwenyewe. Andikeni maneno anayotumia. Ikiwa watu wa pande zote wamelitumia neno fulani bila kufundishwa, hilo ndilo la kuweka katika filamu. Ikiwa kila upande una lake, mnaweza kutaja mawili mara moja, mwanzoni: «maharage, au maharagwe». Msitaje matatu au manne. Msikilizaji atapotea katika orodha na kusahau kazi. Yakizidi mawili, iachieni picha, au elezeni kwa urefu.

Lakini njia hii ina mpaka wake. Mkibadili maneno mara mbili, na bado watu wa upande mmoja wanakosea, msiendelee kulikamua neno. Rekodini sauti nyingine kwa ajili ya upande ule, isemwe na mtu wa huko, juu ya picha zile zile. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza msiandike maneno juu ya picha, wala msimfanye mama wa katika filamu aseme mengi mwenyewe. Hizo namba sita za kuhesabu zatosha. Sauti ya msimulizi iwekeni mbali na sauti nyingine, ili iweze kuondolewa na kuwekwa mpya bila kupiga filamu upya.

Maswali ya kuzungumza katika kikundi

1. Katika eneo lenu mnaviitaje vyombo hivi: cha kuchotea maji, cha kunywea maji, cha kukorogea chai? Wageni wa kutoka ng'ambo ya mpaka waliopo sokoni kwenu huviitaje?

2. «Panda dengu baada ya mvua ya kwanza.» Katika Tanzania dengu ni moja, na choroko ni nyingine. Katika Kenya ile choroko ndiyo iitwayo ndengu. Mkulima wa kila upande atapanda nini? Andikeni upya sentensi hiyo kwa filamu ya nchi hizo mbili, mkisema pia picha itaonyesha nini.

3. Tafuteni neno moja ambalo kila mtu katika kikundi analijua, lakini mkichora picha zake kila mmoja peke yake, picha hazifanani.

Juma lijalo, wakati kama huu, tutatazama majibu ya swali la pili. Njoni na michoro yenu. Kwaherini.